FM ya mjini imefikaje kwenye 7.1 MHz?

*Fundi, shikamoo. Nina kidude cha RTL-SDR cha zamani, kile cha kupokea redio kwa kompyuta. Nimelehemu waya kwenye pini 4 na 5 za chipu ili nisikilize mawimbi mafupi kwa "Direct sampling (Q branch)". Nikienda 7.1 MHz kuwatafuta watu wa redio ya ridhaa, nakuta muziki wa FM ya hapa mjini, ile ya 93.5. Nimeshusha "Sample Rate" kutoka 2.4 hadi 0.25, haitoki. Rafiki yangu anasema biti 8 ni chache, nitafute redio ya biti 14. Ninunue?*

Marahaba. Usinunue kwanza. Dawa yake ni filta ya kapasita tatu na koili mbili, na rafiki yako nitamrudia baadaye, maana hajakosea kila kitu.

Chukua futi kamba ya fundi cherehani. Ikunje kwenye 14.4, irudishe mpaka mwanzo, ikunje tena kwenye 28.8, kisha 43.2, na kuendelea, kama unavyokunja karatasi ya feni ya kujipepea. Ukifika mkunjo wa 86.4 utakuwa umerudi upande wa kushoto, ule wa sifuri, na kutoka hapo futi inaelekea kulia tena. Sasa itafute 93.5 kwenye tabaka hilo, halafu uchome sindano ipite tabaka zote mpaka chini. Sindano itatokea hapa:

```
93.5 - (6 × 14.4) = 7.1
```

Kwa kigeuzi kilichomo ndani ya chipu yako, 7.1 na 93.5 ni kitu kimoja. Kinapima volti za antena mara milioni 28.8 kwa sekunde, na kati ya kipimo na kipimo hakijui kilichotokea. Wimbi la 93.5 MHz likipimwa kwa mwendo huo huacha nambari zilezile ambazo lingeziacha wimbi la 7.1 MHz. Hakuna programu itakayozitenganisha baadaye, kwa sababu kwenye nambari zenyewe hakuna alama yoyote ya kuonyesha ipi ilitoka wapi. Nusu ya mwendo wa kupima, yaani 14.4, ndiyo ukingo wa kukunjia. Kilicho juu yake hakipotei, hukunjwa na kulala juu ya kilicho chini. Mimi humwita mgeni wa namna hii mzuka.

Hapo utaona kwa nini kushusha "Sample Rate" hakukusaidia. Nambari ile ya kwenye menyu si mwendo wa kigeuzi. Chipu yako, RTL2832U, hupima kwa 28.8 daima, maana saa yake ni kristali ya 28.8 MHz. Ikishapima ndipo inapohamisha sehemu uliyoichagua, inaichuja kwa hesabu, inatupa sampuli zisizohitajika, na kukupelekea kwenye USB milioni 2.4 au robo milioni kwa sekunde. Mzuka umeshaingia mlango wa mbele kabla ya yote hayo. Chai ikishapikwa kwa maji ya chumvi, kuimimina kwenye kikombe kidogo hakuitoi chumvi.

Kabla ya kushika chuma cha kulehemu, hakikisha kweli ni mzuka, kwa sababu FM yenye nguvu inaweza kukusumbua kwa njia nyingine: kukijaza kigeuzi mpaka kinakata vichwa vya mawimbi, na uchafu unatapakaa kila mahali. Nenda 7.1, acha LSB, ile ya upande wa chini wa wimbi, bonyeza WFM ya FM pana, na upanue kipimo cha upana mpaka kama 200 kHz. Stesheni ikisikika safi, na sauti ya mtangazaji haina mikwaruzo, huo ni mkunjo mtupu. Halafu weka atenueta ya desibeli 10 kati ya antena na kidude. Mzuka hushuka desibeli 10, kama ishara yoyote ya kweli. Uchafu wa kigeuzi kilichoshiba hushuka zaidi ya hapo, mara nyingi desibeli 20 au 30, kwa sababu ulizaliwa ndani kwa ishara kugongana. Kipimo hiki ni cha dakika mbili, na kimeniokolea pesa nyingi kuliko vitabu.

Mizuka ya FM angalau hujitangaza kwa upana wake. Ile ya mawimbi mafupi yenyewe ni mijanja zaidi. Niliwahi kukaa jioni nzima nikiandika daftarini stesheni "mpya" kwenye 11.15 MHz, kumbe ni ya 17.65 iliyokunjwa: 28.8 ukitoa 17.65 unabaki na 11.15. Kilichonishtua ni majirani zake. Stesheni iliyopaswa kuwa juu yake ilikuwa chini, na ya chini ilikuwa juu, kama maandishi kwenye kioo. Tabaka la pili la futi linarudi kinyumenyume, ndiyo maana. Matangazo ya AM hayakuonyeshi kinyume hicho ukisikiliza stesheni moja moja, kwa kuwa AM ina pande mbili zinazofanana. Lakini mazungumzo ya ridhaa ya 21.2 MHz, ambayo huenda kwa USB ya upande wa juu wa wimbi, si ile ya kompyuta, ukiyakuta kwenye 7.6 yatakuwa yamegeuka LSB. Tabaka la 93.5 linakwenda mbele, kwa hiyo mgeni wako hajageuzwa.

Sasa rafiki yako na biti zake. Biti 8 ni ngazi 256 za kupimia volti. Biti 14 ni ngazi 16,384. Ngazi zinaamua ishara ndogo kiasi gani inaweza kuonekana ikiwa imesimama karibu na ishara kubwa. Hazina usemi wowote juu ya masafa gani yanakunjwa wapi. Ukiweka biti 14 zinazopima kwa 28.8 bila filta, utaupata mzuka uleule wa 7.1, umechorwa kwa kalamu nyembamba zaidi.

Ila ana hoja mahali fulani. Tuseme FM ile imeshika ngazi 200 kati ya 256, na mtu wa ridhaa unayemtaka ni dhaifu kuliko yeye kwa desibeli 50. Volti zake ni sehemu moja ya 316 ya zile za FM, yaani ngazi 0.63, haifiki hata ngazi moja. Ungedhani hawezi kusikika kabisa. Husikika, kwa sababu anapanda na kushuka akiwa mgongoni mwa ishara nyingine na kelele, akivusha ngazi mara hii na kuacha mara ile, na wastani wa sampuli nyingi humfichua. Ukitoka kwenye milioni 2.4 kwa sekunde hadi upana wa sauti wa 2.4 kHz unatupa kelele mara 1,000, ambazo ni desibeli 30 za faida. Kwa hiyo biti 8 si maskini kama zinavyosemwa. Maskini ni yule anayezigawia FM asiyoitaka ngazi 200, na kazi yake halisi inabaki na mabaki. Ukimwondoa mgeni mlangoni, ngazi zote zinarudi kwako.

Filta yenyewe basi. Kwa kuwa unataka 7.0 mpaka 7.2, ikate kwenye 10 MHz, na usiwe na tamaa ya 14. Ya aina ya Butterworth yenye viungo vitano, kwa omu 50, hesabu yake inatoa kapasita ya 197 pF kwenda ardhini mwanzoni, koili ya 1.29 µH, kapasita ya 637 pF ardhini katikati, koili nyingine ya 1.29, na 197 pF mwishoni. Za 220 na 680 zinazopatikana madukani zitafaa, ukingo utashuka kidogo tu. Koili ni mizunguko 16 ya waya wa enameli kwenye ringi nyekundu ya T50-2, uisambaze ienee sehemu kubwa ya ringi. Kwa hesabu, 7.1 inapoteza sehemu ndogo ya desibeli, 21.7 ambayo ndiyo pacha wa kwanza wa 7.1 inapungua desibeli 33, na 93.5 inapungua zaidi ya 90.

Hiyo 90 ni ya kwenye karatasi. Kitakachokushinda si filta bali waya zako mbili. Robo ya wimbi la 93.5 ni sentimita 80, na hata waya wa sentimita 15 unaoning'inia kati ya filta na chipu unadaka FM vizuri tu, ukiwa umeshaipita filta. Ukichomoa antena na muziki bado upo, ndiyo hiyo. Filta ikae karibu kabisa na pini, waya zisukwe pamoja na ziwe fupi kadiri unavyoweza, na vyote viingie kwenye kikopo cha bati kilicholehemiwa ardhini. Cha maziwa ya unga kinafanya kazi. Pini 4 na 5 ni jozi inayopokea ishara kwa tofauti yao, kwa hiyo weka transfoma ndogo kati ya filta na pini badala ya kuilaza moja ardhini. Na kwa kuwa chipu si omu 50 kamili, mkunjo wa filta yako hautafanana na wa hesabu. Usihangaike, una nafasi pana kati ya 7 na 21.

Baada ya hapo, ikiwa watu wa ridhaa bado ni dhaifu, weka kikuza ishara kidogo cha masafa ya redio, lakini baada ya filta. Kikikaa mbele yake kitamkuza mgeni kwanza na kuzalisha uchafu wake chenyewe.

Mpango huu una mwisho wake, na uko kwenye 14.4. Siku utakapotaka bendi ya 14.0 hadi 14.35, pacha wa 14.2 ni 14.6, umbali wa 0.4 tu, na hakuna koili za kuzungusha kwa mkono zitakazokata hapo. Hiyo ndiyo siku ya kutoa pesa, ila si kwa ajili ya biti: tafuta kibadilishaji kinachopandisha mawimbi mafupi juu ili yapite kwenye tyuna, ambayo waya zako za sasa zinairuka, kama kilichojengwa ndani ya RTL-SDR Blog V4 ya mwaka 2023. Kigeuzi cha humo ni kilekile cha biti 8 na 28.8. Tofauti ni kwamba filta za tyuna zinakuwa zimeshasimama mlangoni kabla yake.