Ombi la shilingi 1,500 linaweza kukugharimu kuliko la 6,000

Kampeni ya matangazo ya kazi ikiisha, namba ya kwanza kupelekwa kwa bosi ni gharama kwa kila ombi. Inapatikana siku hiyo hiyo, na mara nyingi inapendeza. Mimi nafanya kazi idara ya rasilimali watu Dar es Salaam, na matangazo ninayonunua mara kwa mara ni ya kutafuta wahudumu wa kituo cha simu, wale wanaokupokea ukipiga huduma kwa wateja. Kwenye kazi hiyo nimeona namba hii ikisifia matangazo ambayo baada ya miezi mitatu hakuna anayetaka kuyakumbuka.

Tuchukue mfano unaofanana na kampeni ninazozijua, namba nimezifanya za mviringo ili hesabu ifuatike. Unatangaza sehemu mbili: Facebook kwa shilingi 1,500,000, na tovuti ya ajira kwa shilingi 1,200,000. Facebook inakuletea watu 1,000 walioanza kujaza fomu, tovuti inakuletea 200. Basi ombi la Facebook ni shilingi 1,500 na la tovuti ni 6,000. Hapo ndipo wengi wanapofunga faili na kuhamishia bajeti yote Facebook.

Subiri kwanza. Kati ya wale 1,000, waliofika mwisho wa fomu ni 200. Kwa upande wa tovuti, kati ya 200 waliomaliza ni 120. Ombi lililokamilika sasa ni shilingi 7,500 kwa Facebook na 10,000 kwa tovuti. Ule mwanya wa mara nne umeshakuwa mdogo. Baada ya usaili unaajiri 10 kutoka Facebook na 8 kutoka tovuti, na ukigawanya unakuta kila mwajiriwa amegharimu shilingi 150,000 pande zote mbili. Wamelingana.

Siku ya 90 ndiyo inayowatenganisha. Wa Facebook waliobaki kazini na kufaulu kipindi cha majaribio ni 4, wa tovuti ni 6. Kwa hiyo mtu mmoja anayefaa amekugharimu shilingi 375,000 za tangazo upande mmoja na 200,000 upande wa pili. Tena hapo hujahesabu mafunzo. Kama kumfundisha mhudumu mpya wiki mbili, pamoja na posho, ni shilingi 300,000, basi umewafundisha 10 ili ubaki na 4. Ongeza hiyo kwenye bei ya tangazo, gawanya upya: 1,125,000 kwa kila anayefaa wa Facebook, 600,000 kwa wa tovuti.

Usikimbilie kuifunga Facebook, lakini. Watu 4 kati ya 10 na 6 kati ya 8 ni wachache mno kutoa hukumu. Mmoja tu wa Facebook asingeacha, na mmoja wa tovuti angeacha, ungekuwa na 5 kwa 5, na gharama ya tangazo ingekuwa 300,000 dhidi ya 240,000. Mimi huwa naunganisha kampeni kadhaa za kazi ile ile kabla ya kukata bajeti ya mahali popote. Namba za kampeni moja nazitumia kwa kitu kingine: kujua niende kuuliza nini.

Swali la kwanza ni wale 800 walioishia njiani. Fomu yako iwe inaonyesha mtu aliachia ukurasa gani, maana waliotoka ukurasa wa kwanza na waliotoka wa mwisho ni watu wawili tofauti. Wa kwanza alibofya kwa udadisi tu, mwache aende. Wa pili amejaza jina, elimu, uzoefu, kisha akakutana na kitufe cha kupakia cheti cha kidato cha nne kwa PDF isiyozidi MB 2. Yuko kwenye daladala, simu yake ina picha ya cheti na si PDF, bando linakaribia kuisha. Huyo alikuwa anaitaka kazi. Namba ya NIDA nayo hufukuza watu ikiombwa mapema, kwa sababu matapeli wa ajira wamejaa na mtu mwangalifu hatoi kitambulisho kwa kampuni asiyoijua. (Na mtu mwangalifu ndiye ninayemtaka kwenye simu za wateja.) Vyeti na NIDA viombe kwa walioitwa kwenye usaili. Mabadiliko hayo hushusha gharama ya ombi lililokamilika bila kuongeza senti kwenye tangazo.

Swali la pili ni wale 6 wa Facebook walioondoka. Usiulize tu kwa nini waliacha, weka majibu yao pembeni ya maneno ya tangazo walilolisoma. Kwenye kituo cha simu sababu inayojirudia ni zamu. Tangazo linasema "nafasi za kazi, changamkia sasa", halisemi kwamba kuna zamu inayoisha saa nne usiku, na mtu anakaa Chanika. Andika zamu, mahali ofisi ilipo na kiwango cha mshahara ndani ya tangazo lenyewe. Maombi yatapungua, na gharama kwa kila ombi itapanda. Mweleze bosi mapema kwamba itapanda na kwa nini, maana akiiona peke yake atadhani kampeni imeharibika.

Ubora nao ukubaliwe kabla tangazo halijatoka. Kwetu ni vitu vitatu: yupo kazini siku ya 90, amefaulu majaribio, na alama za simu zake zinazosikilizwa na msimamizi zimefika kiwango. Msimamizi asijue mhudumu alitokea wapi. Akishasikia kwamba "wa Facebook hawadumu", atawasikiliza kwa sikio la kutafuta kasoro.

Yote haya yanasimama ukijua kila mwombaji alitokea wapi, na kumuuliza "ulisikia wapi tangazo hili?" hakutoshi, maana wengi huchagua jibu la juu kwenye orodha. Kila tangazo lipewe kiungo chake:

```
https://example.com/kazi?utm_source=facebook&utm_campaign=simu_zamu
```

Chanzo hicho kiingie kwenye mstari wenye jina la mwombaji na kikae hapo mpaka siku ya 90. Kwenye jedwali, kama chanzo kiko safu B na matokeo ya siku ya 90 yako safu F, idadi ya wanaofaa unaipata hivi:

```
=COUNTIFS(B:B,"facebook",F:F,"ndiyo")
```

Kuna mtego mmoja wa hapa kwetu. Mtu anakinakili kiungo cha Facebook na kukitupa kwenye magrupu ya WhatsApp, na kila anayeingia kupitia huko anahesabiwa wa Facebook ingawa hukumlipia. Utaligundua ukiangalia tarehe: maombi yanamiminika siku ambayo tangazo lilikuwa limezimwa. Hao watenge kwenye kundi lao, la sivyo Facebook itaonekana rahisi kuliko ilivyo. Pia ondoa waliojirudia kwa kutumia namba ya simu, na uhesabu chanzo cha ombi la kwanza.

Ripoti yangu ya wiki ya kwanza huwa na gharama ya ombi lililokamilika tu. Safu ya wanaofaa naiacha wazi, nikiandika tarehe ambayo itajazwa.