Kasi ya kuzungumza na watazamaji kubaki: kwa nini wastani wa video nzima hudanganya

Swali: «Nimehesabu maneno ninayosema kwa dakika katika video zangu zote za YouTube, nikayalinganisha na wastani wa asilimia iliyotazamwa. Zile ninazozungumza haraka ndizo zinazofanya vizuri. Je, niongeze kasi katika video zote?»

Kabla hujaongeza kasi, angalia kwanza urefu wa video hizo, kwa sababu hesabu hiyo peke yake inaweza kukupa uhusiano hata pale ambapo watazamaji hawakuijali kasi yako hata kidogo. Chukua skripti moja ya maneno 1,200. Ukiisoma kwa maneno 120 kwa dakika, video itakuwa ya dakika 10. Ukiisoma kwa maneno 150, itakuwa ya dakika 8. Sasa tuseme watazamaji wana subira ileile, na kwa wastani huondoka baada ya dakika 4, vyovyote utakavyozungumza. Video ya kwanza itaonyesha asilimia 40 na ya pili asilimia 50. Hakuna aliyebaki hata sekunde moja zaidi. Kilichopungua ni urefu wa video unaogawanya dakika hizo 4. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kulinganisha video zenye urefu unaokaribiana tu, au kutazama muda wa wastani wa kutazama badala ya asilimia. Nilipofanya hivyo kwa video zangu za mafunzo ya majedwali ya hesabu, uhusiano mzuri niliokuwa nikiuona ulikaribia kutoweka.

Jambo la pili ni kipimo chenyewe. Idadi ya maneno kwa dakika ni kipimo kibovu kwa Kiswahili, kwa kuwa neno letu moja linaweza kubeba sentensi nzima. «Tutakapozifungua» ni neno moja lenye silabi nane, ilhali «bado si zote» ni maneno matatu yenye silabi tano. Video yenye vitenzi virefu vingi itahesabiwa kuwa ya polepole hata kama ulimi ulikuwa unakimbia. Mimi hupima silabi kwa sekunde, na bahati nzuri lugha yetu inarahisisha kazi hiyo: karibu kila silabi ina irabu moja, hivyo kuhesabu irabu kunatosha. Utakosa ile «m» inayosimama peke yake katika maneno kama «mtu», lakini upungufu huo ni mdogo na huzigusa video zote kwa namna inayofanana. Nikiwa na manukuu ya kipande katika seli A2 ya Google Sheets, hutumia fomyula hii:

```
=LEN(REGEXREPLACE(LOWER(A2),"[^aeiou]",""))
```

Tarakimu ziandike kwa maneno kabla ya kuhesabu, la sivyo «2024» itahesabiwa kuwa haina silabi yoyote. Kisha gawanya kwa sekunde ulizozungumza, si kwa sekunde zote za kipande. Tofauti hiyo si ndogo: video ya dakika 8 yenye maneno 960 inaonekana kuwa na maneno 120 kwa dakika, lakini ikiwa dakika 2 kati ya hizo ni muziki na skrini isiyo na sauti, mzungumzaji alikuwa akienda kwa 160. Ndiyo maana pia kukata vituo vya kimya wakati wa kuhariri hupandisha kasi ya video nzima bila mdomo kuharakishwa, na mambo hayo mawili hayamchoshi msikilizaji kwa namna moja.

Baada ya hapo, achana na wastani wa video nzima uingie ndani ya video moja moja. Hapa ndipo nilipopata kitu cha kunifaa. Ninaigawa video katika vipande vya sekunde 30, ninaacha kipande cha kwanza, ambacho hupoteza watu wengi karibu katika kila video kwa sababu zisizohusiana na kasi, na ninaacha pia sehemu ya kuaga. Kwa kila kipande ninasoma kwenye grafu ya YouTube Studio asilimia ya watazamaji mwanzoni na mwishoni, kisha ninakokotoa hasara kama sehemu ya wale waliokuwa bado wapo. Ukitoka asilimia 70 hadi 66 umepoteza pointi nne. Ukitoka 54 hadi 51 umepoteza tatu. Kwa macho, kipande cha pili kinaonekana bora, lakini 4 kwa 70 ni takriban asilimia 5.7 na 3 kwa 54 ni takriban asilimia 5.6, yaani karibu sawa. Bila hatua hii, vipande vya mwisho wa video vitaonekana vizuri daima, kwa kuwa wanaoweza kuondoka wamebaki wachache.

Sasa kisa kimoja. Katika video ya kufundisha fomyula ya kutafuta thamani kwenye jedwali, kipande kimoja kilikwenda karibu silabi 7 kwa sekunde, wakati kasi yangu ya kawaida huwa kati ya 5 na 6, na ndani yake nilieleza sehemu zote nne za fomyula mfululizo. Grafu haikushuka hapo. Ilipanda. Mtu mwenye haraka angehitimisha kwamba kasi imefanya kazi, lakini grafu hiyo huhesabu pia wanaorudia, na mlima ulianza hasa pale sentensi ya kwanza ya maelezo ilipoanza: watu walikuwa wakirudi nyuma kwa sababu hawakushika. Kipande kilichofuata, ambacho nilikisema kwa kasi ya kawaida, ndicho kilichopoteza watu karibu mara mbili ya vipande vingine. Gharama ya kasi ilikuja kwa kuchelewa, na ukilinganisha kasi na hasara ya kipande hichohicho tu, hutaiona kamwe.

Si kila mlima ni wa kurudia, hata hivyo. Ukiona bonde kabla yake, huenda watu waliruka mbele kufikia jambo walilolitaka, na hapo tatizo ni maneno mengi ya awali, si kasi. Mlima usiotanguliwa na bonde, unaoanzia kwenye maelezo magumu, ndio ninaoutilia shaka.

Katika video iliyofuata yenye maelezo ya ugumu kama huo sikupunguza kasi ya kutamka. Niliongeza kimya cha takriban sekunde mbili baada ya kila sehemu ya fomyula, huku skrini ikiionyesha. Mlima ulikuwa mdogo zaidi, na kipande kilichofuata hakikupoteza watu kupita kawaida. Ni ulinganisho wa video mbili zenye mada tofauti, kwa hiyo siuiti uthibitisho, lakini umenitosha kuamua kwamba katika mafunzo kituo kina uzito kuliko kasi ya ulimi. Katika vipande vya kusimulia au kurejea yaliyokwisha kuelezwa, mimi huenda haraka bila hofu, na sijaona hasara yoyote inayofuata.

Ukitaka kurudia zoezi hili, anza na video zako zilizotazamwa zaidi. Kwenye video iliyotazamwa mara 100, mtu mmoja ni asilimia moja nzima, na mteremko utakaoupima unaweza kuwa ni watu watatu walioitwa na shughuli nyingine. Tenganisha pia, pale inapowezekana, waliofika kwa kutafuta na waliopendekezewa, kwa kuwa wa kwanza huondoka mara wanapopata jibu, hata ungelisema kwa kasi gani.