Nilikadiria bili ya databesi, ikaja mara nne

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, tunahamishia databesi yetu klaudi mwezi ujao. GB 300, IOPS 8,000, Multi-AZ na replika moja. Nimepiga hesabu ya diski, nimepata dola 837.50 kwa mwezi. Nimekosea wapi?"

Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Hesabu ile ile niliipiga mimi mwenyewe miaka miwili iliyopita, nikaiweka kwenye shiti safi yenye rangi, nikaisimamia mbele ya bosi kwa kifua. Kosa lake ni langu, limebadilisha namba tu. Ngoja nisimulie, maana kusema kweli bado linaniuma.

Tulikuwa na PostgreSQL kwenye seva yetu wenyewe, data kama GB 500. Nikaambiwa niandae makadirio ya kuhamia RDS, huduma ya databesi ya AWS, kanda ya us-east-1. Jambo la kwanza nililofanya ni kupima diski ya zamani kwa `fio`. Ikanipa IOPS, yaani mara za kusoma na kuandika kwa sekunde, elfu kumi na kitu. Nikajiambia, nikinunua pungufu ya hapo mfumo utazorota na lawama zitakuwa zangu. Nikaandika `io1`, ile diski ambayo IOPS zake unazitenga na kuzilipia mwenyewe, GB 500, IOPS 10,000. Bei ya orodha ilikuwa dola 0.125 kwa GB na dola 0.10 kwa kila IOPS, kwa mwezi. Diski dola 62.50, IOPS dola 1,000, jumla 1,062.50. Mashine ikawa na mstari wake, na hiyo naiacha pembeni leo kwa sababu mashine hakuna anayeisahau.

Mbele kidogo kwenye shiti hiyo hiyo niliandika kwamba tutawasha Multi-AZ kwa usalama, na tutaweka replika mbili za kusomea, moja ya ripoti na moja ya programu ya simu. Niliandika kwa maneno. Sikuandika kwa namba. Kichwani mwangu replika ilikuwa mashine ya ziada tu.

Mwezi wa kwanza ulipoisha, diski na IOPS peke yake zilikuwa dola 4,250. Mara nne kamili. Mhasibu alinitumia picha ya mstari huo bila neno hata moja, na kwenye kikao bosi akauliza mbele za watu kama shiti yangu ilikuwa ya databesi hii au ya nyingine. Sikuwa na jibu. Nilifikiri kuna mtu amewasha kitu usiku.

Hakuna aliyewasha kitu. Multi-AZ ina pacha wa akiba katika zoni nyingine, na pacha huyo ana diski yake kamili yenye IOPS zake kamili, ingawa husomi kwake hata safu moja. Kwa hiyo bei ya Multi-AZ ni maradufu: dola 0.25 kwa GB na 0.20 kwa IOPS. Kila replika nayo ina diski yake, na mimi niliziunda kwa mipangilio ile ile ya mama yao bila kugusa kitu. Ukihesabu diski zilizo hai, si majina ya databesi, unapata nne. IOPS 10,000 nilizodhani nimenunua zilikuwa 40,000. Na IOPS za kutengewa unazilipia ziwe zimetumika au zimelala. Ukiizima databesi wikiendi mashine inaacha kuhesabiwa, diski na IOPS zinaendelea.

Tangu siku hiyo mstari wa kwanza wa kila shiti yangu ni huu:

```
diski = (Multi-AZ ? 2 : 1) + replika
gharama = diski × (GB × bei_GB + IOPS × bei_IOPS)
```

Ni hesabu ya mtoto wa shule, najua. Ndiyo maana inauma.

Lakini kuzidisha vizuri ni nusu tu ya jambo. Kosa kubwa zaidi lilikuwa ile 10,000 yenyewe. Mimi nilipima uwezo wa diski. Nilichotakiwa kupima ni hamu ya databesi. Ni kama kununua gari kwa kuangalia mwisho wa namba kwenye spidomita. Baada ya kikao kile nilifungua CloudWatch, ukurasa wa vipimo wa AWS, nikajumlisha `ReadIOPS` na `WriteIOPS` za databesi kuu, dakika kwa dakika, kwa mwezi mzima. Mchana wa kazi kilele kilikuwa 2,800. Usiku, ripoti ya kufunga siku ilipanda hadi 6,500 kwa dakika kama 25, kisha kimya. Elfu kumi haikuguswa hata mara moja.

Kibaya zaidi, isingeweza kuguswa kwa muda mrefu. Mashine tuliyochagua ilikuwa `db.r6g.large`. Mashine nayo ina kikomo chake cha kuongea na diski, na ya aina hii uwezo wake wa kudumu ni IOPS 3,600. Inaruhusiwa kupaa hadi 20,000, lakini kupaa huko kumehakikishwa kwa dakika 30 tu ndani ya saa 24. Nilikuwa nimefunga bomba la inchi sita kwenye koki ya inchi moja, nikalipia bomba.

Kama bado hujahama, usingoje CloudWatch. Kwenye seva yako ya sasa acha hii iandike kwenye faili kwa wiki mbili, na wiki hizo ziwe na mwisho wa mwezi ndani yake:

```
nohup iostat -dx 60 > iostat.log &
```

Jumlisha safu za `r/s` na `w/s`, tafuta kilele, kisha angalia kilele hicho kinadumu dakika ngapi. Dakika zina uzito sawa na kilele, ukizingatia koki niliyoitaja.

Sasa, kwa nini hili lina maana kabla ya kuchagua aina ya diski? Kwa sababu `gp3`, diski ya matumizi ya kawaida, kwenye RDS ya PostgreSQL ina ngazi ambayo watu wengi wanapita bila kuiona. Chini ya GB 400 unapewa IOPS 3,000 ndani ya bei ya diski, na huwezi kuongeza. Ukifika GB 400, RDS inaigawa data yako juu ya diski nne kwa ndani, na unapewa 12,000 bila kulipia IOPS hata moja. Sisi tulikuwa na GB 500. Hitaji letu lote, pamoja na ripoti ya usiku, lilikuwa ndani ya kile ambacho `gp3` inatoa bure. Multi-AZ kwa dola 0.23 ni 115, replika mbili kwa dola 0.115 ni 115 nyingine. Dola 230. Nilikuwa nalipisha watu 4,250 kwa kitu cha 230.

Nilihamisha diski zote usiku wa Jumamosi. Databesi haikuzimika, ila ilikaa kwenye hali ya `storage-optimization` kwa saa kadhaa na kasi ilipungua kidogo. Sisemi `io1` ni ya wajinga. `gp3` inaahidi kasi yake kwa asilimia 99 ya muda, `io1` kwa 99.9, na kama una malipo ambayo hayavumilii diski kusitasita, tofauti hiyo utaiona kwenye grafu zako. Basi ilipie kwa kujua. Na ukitaka kubana kwenye replika, kumbuka kwamba replika inaandika kila kitu ambacho mama yake anaandika. Ukiipa diski dhaifu, `ReplicaLag` itaanza kupanda na wasomaji wako watapewa habari za jana.

Nilidhani nimemaliza. Mwezi uliofuata bosi akaniita tena. Safari hii mstari haukuwa wa RDS kabisa, ulikuwa chini ya EC2, yaani seva za kukodi, jina lake `DataTransfer-Regional-Bytes`, dola mia tano hamsini na kitu. Nilikuwa naufungua ukurasa wa RDS kila siku kujipongeza, wakati hela yangu inavuja kwenye ukurasa wa jirani.

Seva za programu tulizitawanya zoni tatu, kama tunavyoshauriwa wote. Databesi kuu inakaa zoni moja. Kwa hiyo theluthi mbili ya majibu yanavuka zoni, na seva ya EC2 inatozwa dola 0.01 kwa kila GB inayovuka. Tulikuwa na kwiri 800 kwa sekunde. Ukikadiria jibu la KB 6, hiyo ni MB 4.8 kwa sekunde, karibu GB 12,400 kwa mwezi. Theluthi mbili yake ni GB 8,300, yaani dola 83. Hiyo ungeivumilia. Lakini wastani wetu haukuwa KB 6, ulikuwa KB 40. Kwenye jedwali la oda kulikuwa na safu ya JSON iliyobeba ujumbe mzima wa awali, na kwiri yetu ya moto kuliko zote ilikuwa `SELECT *`. Hakuna aliyekuwa anaisoma safu hiyo. Ilikuwa inasafirishwa, inalipiwa nauli, inatupwa. Tulipotaja safu kumi na moja tunazozihitaji, mstari ule ulirudi chini ya mia.

Hapa ndipo ndugu zangu wanaopenda kujiendeshea PostgreSQL juu ya EC2 inabidi wanisikilize. RDS haikutozi kwa data inayokwenda kwa pacha wa Multi-AZ, wala kwa replika iliyo kanda hiyo hiyo. Ukijiendeshea, kila baiti ya WAL, yaani rekodi ya mabadiliko inayotumwa kwa replika, ikivuka zoni inatozwa kutoka na kuingia, dola 0.02 kwa GB. Pima WAL yako: chukua alama, subiri saa moja ya kazi, kisha toa, ukiweka alama yako badala ya hii ya mfano.

```sql
SELECT pg_current_wal_lsn();
SELECT pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), '4A/3C0000F8');
```

Sisi wastani ulikuwa MB 2 kwa sekunde, karibu GB 5,200 kwa mwezi, yaani dola 104 kwa kila replika. Majibu ya kwiri nayo yangetozwa pande zote mbili. Watu wanalinganisha bei ya mashine tupu na bei ya RDS, wanashangilia, na mstari huu hawauandiki. Uandikeni.

Sasa nirudi kwa yule msomaji. Diski zako ni tatu: kuu, pacha na replika. Kwa `io1` ya GB 300 na IOPS 8,000 ni dola 2,512.50, si 837.50. Hiyo 8,000 umeitoa wapi? Kama ni `fio`, ifute, kaa na `iostat` wiki mbili. Kilele kikikaa chini ya 3,000, chukua `gp3` ya GB 300 ulale. Kikizidi, nunua GB 400 hata kama data ni 300. GB hizo mia za ziada kwenye diski tatu ni dola 34.50, na zinakupandisha kutoka 3,000 hadi 12,000. Jumla yako inakuwa dola 138. Ila diski ya RDS ikishakua huwezi kuipunguza pale pale ilipo, kwa hiyo usiiongeze kwa furaha ukafika 800. Na kabla hujanijibu, niambie kwiri yako ya moto inarudisha KB ngapi.