Kichwa kuuma, kizunguzungu na misuli kukaza baada ya kazi ya juani: uchovu wa joto unaishia wapi na hatari inaanzia wapi

"Wakuu, jana tulimwaga zege tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Maji nilikunywa mengi sana, lakini jioni kichwa kikawa kinagonga, nikapata kizunguzungu na misuli ya mapaja ikawa inakaza kwa maumivu makali. Leo nina nafuu kidogo. Hii ni malaria au ni jua? Nifanye nini, na hatari inaanzia wapi?"

Pole sana, mkuu. Kwa kuwa dalili zako zilikuja siku ileile ya kazi na zimeanza kupungua baada ya kupumzika, ninaamini kwamba ulipatwa na uchovu wa joto. Hata hivyo, ukipata homa usiku wa leo, au ukatetemeka kwa baridi ilhali umekwisha kupumzika kivulini kwa saa nyingi, nenda ukapime malaria na usimeze dawa kwa kubahatisha. Joto la jua humtoka mtu anapopoa na kutulia, ilhali homa ya malaria hurudi hata kama umelala kitandani mchana kutwa.

Nimesimamia ujenzi hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na siku ya kumwaga slabu ndiyo siku ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu zege halisubiri na kila mtu huona haya kukaa chini wakati wenzake wanapandisha ndoo. Mwili unaofanya kazi nzito huzalisha joto lake wenyewe, kisha jua huongeza lake. Damu hulazimika kugawanywa, nyingine iende kwenye misuli inayofanya kazi na nyingine iende kwenye ngozi kutoa joto nje, na kwa kuwa jasho limekwisha kupunguza maji ya mwilini, inayobaki kupanda kichwani huwa haitoshi, hasa unapoinuka ghafla au unaposimama mahali pamoja. Kizunguzungu na kichwa kugonga hutokana na hapo. Tena kwetu pwani mwezi wa Februari hewa huwa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho hudondoka badala ya kukauka, na jasho linalodondoka halipoozi mwili. Linalopooza ni lile linalokauka juu ya ngozi.

Kuhusu misuli ya mapaja, umesema mwenyewe kwamba ulikunywa maji mengi, na nafikiri hapo ndipo penye jibu. Jasho hutoka na chumvi, nawe ulirudisha maji matupu, kwa hiyo chumvi iliyobaki mwilini ilizidi kupungua nguvu. Siku ya kazi ya namna hiyo, kunywa kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 au 20 tangu asubuhi, usizidishe lita moja na nusu kwa saa, na baadhi ya vikombe viwe vya maji ya ORS, pakiti moja ndani ya lita moja. Usipoipata, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa vya kusawazishwa, ndani ya lita moja ya maji safi. Madafu ni mazuri, lakini chumvi inayopotea kwa jasho ni kidogo mno ndani yake, kwa hiyo yasichukue nafasi ya ORS. Msuli unapokaza, acha kazi, unyooshe polepole na uukande, na usirudi kubeba kitu kwa saa kadhaa hata kama maumivu yameisha. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayekula chakula kisicho na chumvi kwa agizo la daktari, asisubiri msuli uachie. Aende kituo cha afya.

Mwenzako akianza kulalamika kichwa na kizunguzungu, huku akiwa amedhoofu na pengine ana kichefuchefu, lakini anakujibu sawasawa, mpeleke kivulini penye upepo, mvue shati na viatu, mlaze chali na miguu yake ipandishwe kwenye mfuko wa saruji au kitu chochote cha kimo hicho. Mloweshe mwili mzima kwa maji ya baridi na mpepee bila kuacha, kwa sababu ni maji pamoja na upepo ndivyo vinavyoondoa joto, na kitambaa kibichi kilichowekwa kwenye paji la uso peke yake hakifiki mbali. Mpe ORS kwa mafunda madogo. Akiwa ni uchovu wa joto tu, ndani ya nusu saa utaona anapata nafuu. Asipopata, au akitapika kila anachokunywa, apelekwe hospitali, na kwa vyovyote siku hiyo kazi yake imeisha. Maneno haya ya mwisho ninayasisitiza kwa uchungu, kwa sababu nilishindwa kuyafuata.

Ilikuwa Februari, tunamwaga slabu ya ghorofa ya kwanza. Kati ya saidia fundi alikuwamo kijana aliyefika kutoka Njombe, ambako hata mchana watu huvaa makoti, na hiyo ilikuwa siku yake ya pili kwenye jua la Dar. Saa saba na nusu aliniambia kichwa kinamuuma. Nilimkalisha kivulini, nikampa maji, na baada ya dakika kumi aliponiambia kuwa yuko sawa nilimruhusu arudi kwenye ndoo. Ilipofika saa nane alianza kuinua ndoo na kuikabidhi mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuipokea. Nilipomwita aliniitikia kwa jina la mtu mwingine, kisha akanijibu kwa ukali usio wake, hatua zikawa za mlevi, akaanguka.

Jasho lilikuwa linamtiririka, na hilo ndilo lililotupoteza. Fundi mmoja alisema kwamba mtu aliyezidiwa na joto huwa mkavu, kwa hiyo hiki lazima kiwe kifafa. Mwingine alitaka afunikwe kwa sababu aliona kama anatetemeka. Mimi nilikuwa natuma mtu akatafute bajaji. Tulipoteza karibu dakika kumi. Aliyetuokoa ni fundi mtu mzima aliyewahi kufanya kazi Muscat, kwa kuwa kule Omani kuanzia Juni hadi Agosti kazi za juani husimamishwa saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana, na wafanyakazi hufundishwa kumtambua mtu wa aina hii. Alimwinamia akamuuliza, "Mwanangu, leo siku gani? Uko wapi hapa?" Kijana alitoa maneno yasiyoshikana. Yule mzee akasema bajaji isubiri, maji kwanza.

Tulitandaza turubai kivulini, tukamlaza katikati, watu wanne wakainua pembe zake hadi likawa kama hori, mmoja akashika kichwa kisizame. Nilikimbilia bomba la simtanki, mzee akanizuia, kwani maji ya tangi jeusi lililoshinda juani yalikuwa ya moto kama ya kuogea. Tulichota kwenye kisima, na mama lishe akatoa barafu yote iliyokuwa kwenye deli lake la soda. Maji yalimfika kifuani, na mtu mmoja aliyakoroga muda wote ili yale yaliyopata joto la mwili yasibaki yamemgandamana. Baada ya takriban robo saa alifumbua macho, akamtaja mzee kwa jina lake na kuuliza kwa nini amelowa. Ndipo tukamtoa na kumpeleka hospitali, huku tukimlowesha na kumpepea njiani. Alilazwa siku nne, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu misuli iliyoharibika kwa joto ilikuwa imemwaga uchafu wake kwenye damu na figo zilielemewa. Alipona.

Kwa hiyo, mkuu, hatari inaanzia kwenye akili, si kwenye jasho. Wengi huita hali hii kiharusi cha joto, jina linalowafanya watu watafute mkono uliopooza au mdomo uliopinda, kumbe ni jambo jingine: joto la ndani ya mwili limepita takriban nyuzi 40 na ubongo umeanza kushindwa. Ngozi kavu huonekana zaidi kwa wazee na wagonjwa waliofungiwa ndani ya nyumba yenye joto; mtu aliyeanguka kazini mara nyingi bado analowa jasho. Anayechanganyikiwa, anayeongea kwa ulimi mzito, anayekuwa mkali bila sababu, anayepata degedege au anayezimia katika mazingira ya joto na kazi nzito, mchukulie kuwa amefika huko hadi daktari aseme vinginevyo. Kipimajoto cha kwapani kisikudanganye, maana kwapa lililolowa husoma chini ya joto halisi la ndani.

Anza kumpooza palepale huku mtu mwingine akiita gari, kwa sababu madhara hupimwa kwa muda ambao mwili umekaa kwenye joto hilo, na lengo ni liwe limeshuka ndani ya nusu saa tangu aanguke. Watu huogopa kwamba maji ya baridi yatamdhuru mtu wa moto. Kwa kijana aliyeanguka kazini, kinachomdhuru ni kucheleweshwa. Pasipo na barafu wala turubai, mwagie maji mfululizo mwili mzima na mpepee. Usimpe kitu cha kunywa akiwa hana fahamu kamili, maana kitaingia kwenye mapafu, na akitapika mgeuze alale ubavu. Usimpe parasetamoli wala aspirini, kwani hili si joto la homa, na dawa hizo haziwezi kulishusha. Zitaongeza mzigo kwenye ini na kwenye kuganda kwa damu, ambavyo tayari viko hatarini.

Kwa upande wako, pumzika leo na kesho, endelea na ORS, na uangalie mkojo. Ukiwa wa njano iliyokolea, kunywa zaidi. Ukiwa wa kahawia kama chai, au misuli ikizidi kuuma na kuvimba, nenda hospitali leo hii na uwaeleze kwamba ulifanya kazi nzito juani, ili wapime figo na siyo malaria peke yake. Kama unameza dawa za presha zile zinazokojoza sana, mweleze daktari kabla ya kurudi kazini. Ukirudi, usianze na siku nzima ya zege. Mimi sasa mgeni kwenye saiti yangu humpa sehemu ya tano tu ya kazi nzito ya juani siku ya kwanza, nikimwongezea kiasi hicho kila siku, na slabu yoyote ya Februari tunaanza kuimwaga saa kumi na moja alfajiri.