Kusoma Kina, Nafasi na Siku za Kuvuna Katika Picha ya Pakiti ya Mbegu

Jamaa na majirani wangu wengi hapa Nairobi hununua mbegu mjini wanapotoka kazini, huzipanda Jumamosi, kisha pakiti huishia kwenye taka jioni ileile. Kinachobaki ni picha iliyopigwa kwa simu, nami hutumiwa picha hiyo niwasaidie kusoma mambo matatu: mbegu izikwe kina gani, miche iachiane nafasi gani, na mavuno yatarajiwe baada ya siku ngapi. Kila moja ya nambari hizo ina namna yake ya kupotosha, hasa inaposomwa katika picha badala ya karatasi yenyewe.

Picha ipigwe kabla pakiti haijachanwa, kwa sababu jedwali la maelezo kwa kawaida huwa upande wa nyuma, na mkato wa haraka unaweza kuondoka na mstari mzima. Inyooshe pakiti juu ya meza, kivulini, na uuzime mwako wa kamera, kwa kuwa karatasi hiyo hung'aa na mng'ao hufuta tarakimu kabisa. Piga picha moja ya upande mzima na nyingine ya jedwali kwa karibu. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa, na kitu cha kwanza kupotea ni nukta ya desimali. Itume kama hati ili ibaki ilivyo.

Nukta hiyo ndiyo iliyotusumbua katika picha ambayo shemeji yangu wa Kahawa Magharibi alinitumia, ya pakiti ya karoti. Katika mstari wa kina palionekana tarakimu 1, kisha mkunjo wa karatasi, kisha 5 na alama ya sentimita. Mtu angeweza kusoma 15, au 1 hadi 5, au 1.5. Katika hali kama hiyo mbegu yenyewe ndiyo hutoa uamuzi. Kwa mazao mengi, mbegu hufunikwa kwa udongo wa unene wa mara mbili hadi tatu ya unene wake, na mbegu ya karoti ni nyembamba mno, haifiki hata milimita mbili. Sentimita 15 ni kaburi la mbegu hiyo, na tofauti ya kutoka 1 hadi 5 ni kubwa kupita kiasi kwa mbegu ndogo, kwa hiyo jibu lilikuwa 1.5. Pakiti nyingine huandika mkato mahali pa nukta, yaani 1,5, na maana yake ni ileile.

Huenda msomaji akaona kwamba hata 1.5 inazidi kanuni ya unene niliyoitaja. Sababu ni kwamba karoti huchukua wiki moja hadi mbili kuota, na wakati wa baridi huchukua hata tatu, na katika muda huo wote udongo wa juu kabisa hukauka upesi kwa jua la mchana. Kina hicho huihifadhia mbegu unyevu. Hata hivyo, udongo mwekundu wa upande ule hugandamana juu baada ya mvua kubwa, na udongo mweusi wa upande wa Embakasi ni mzito zaidi, kwa hiyo mimi hushauri sentimita 1 na kumwagilia maji kidogo kidogo kila siku hadi miche itokeze. Wiki tatu zikipita bila kitu kuonekana, fukua polepole kwa ncha ya kijiti: ukikuta kichipukizi cheupe kimejikunja chini ya ganda la udongo, mbegu ilikuwa nzima ila ilishindwa kupenya. Miche ikitokea kwa vishada upande wa chini wa kitanda, maji yaliihamisha, na hapo mbegu zilikuwa juu mno.

Mstari wa nafasi ulisomeka vizuri: 30 x 5. Nambari kubwa ni umbali kati ya mstari na mstari, na ndogo ni umbali kati ya mche na mche ndani ya mstari mmoja. Jambo ambalo jedwali halisemi ni kwamba ile 5 ni nafasi ya mwisho, baada ya miche kupunguzwa. Hakuna anayeweza kuweka mbegu za karoti mojamoja kila sentimita tano, na hata angeweza, si zote huota. Mbegu humwagwa kwa wembamba katika mfereji, kisha miche ikifikia kimo cha kidole hupunguzwa, baada ya kulowesha udongo ili ile inayobaki isitikiswe mizizi. Kitanda cha shemeji kilikuwa na upana wa sentimita 120 na urefu wa mita 3. Mistari minne ya kwenda kwa urefu iliingia humo, ikiacha sentimita 15 kila ukingo, na kila mstari ukabaki na karoti zipatazo 60. Asiyepunguza hupata karoti zilizosongana, nyembamba na zilizosokotana.

Picha isipoonesha kipimo, tazama nambari zote mbili kwa pamoja. Pakiti ya karoti inayosema kina ½ na nafasi 12 x 2 imeandikwa kwa inchi, kwa kuwa inchi 12 ni sentimita 30 na inchi 2 ni sentimita 5. Ichunguze hiyo ½ kwa kuikuza picha, maana ikififia hugeuka kuwa 12 machoni.

Siku za kuvuna ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa sababu pakiti hutaja idadi bila kueleza daima zinahesabiwa kuanzia wapi. Karoti haihamishwi, kwa hiyo siku 75 hadi 90 zilizoandikwa zilihesabiwa tangu kupanda: zilizopandwa tarehe 1 Aprili hutarajiwa kati ya 15 na 30 Juni. Kwa nyanya, kabichi na mboga nyingine zinazoanzia kitaluni, siku hizo kwa kawaida huanza pale mche unapopandikizwa shambani. Nyanya ya siku 75 iliyosiwa kitaluni tarehe 1 Machi na kuhamishwa tarehe 31 Machi itakuwa tayari karibu na 14 Juni, si 15 Mei. Mwezi mzima wa tofauti, na aliyekwisha kumwahidi mteja atafedheheka bure. Dalili ya kutambua ni maelezo yenyewe: yakitaja kitalu au kuhamisha miche, hesabu kuanzia siku ya kuhamisha.

Halafu kuna baridi. Pakiti nyingi zilizotoka nchi za nje huwa na jedwali la miezi ya kupanda linalofuata majira ya huko. Liache, na ufuate mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Siku za kukomaa nazo hurefuka hapa kwetu kuanzia Juni hadi Agosti, kwa sababu mmea hukua kwa joto wala haukui kwa kalenda, na anayelima Limuru, juu zaidi, ataongeza siku nyingi kuliko wa Kasarani. Karoti za shemeji ziliingia katika baridi hiyo, nikamwambia aitegemee 90 na kuendelea. Siku zikitimia, aondoe udongo kwa kidole kwenye bega la karoti chache katika mistari tofauti: likiwa na upana wa sentimita mbili au zaidi na rangi imekolea, ang'oe, likiwa bado jembamba, alifunike tena kwa udongo lisigeuke kijani kwa jua, na atazame baada ya wiki moja.