Daftari la dripu

"Mama, inchaji kaniambia niwafundishe manesi wapya eti kwa sababu ya daftari langu, sasa naanzia wapi na lenyewe limejaa makorokoro?"

Mwanangu, ngoja nikupe kisa cha nesi mmoja tulikuwa naye wodi ya wanaume hapa Tanga, jina nalibania maana yupo hapohapo Ngamiani na hapendi kusemwasemwa. Alikuwa na kidaftari cha kuingia mfukoni, jina la mgonjwa haandiki kabisa, anaandika kilichotokea, kwa nini, na siku nyingine afanyeje basi.

Alivoambiwa afundishe wapya tukajua atawasomea daftari zima, kumbe kachagua ukurasa mmoja tu. Kuna mzee aliandikiwa dripu ya mls 500 iende masaa 4, nesi wa zamu akapiga hesabu kama kawaida, 500 mara 20 gawa kwa dakika 240, matone 42 kwa dakika, akayahesabu vizuri akaenda zake, na chupa ikaisha kwenye masaa 3! Hesabu haikuwa na tatizo, tatizo stoo walileta mipira mingine ya dripu, pakiti imeandikwa matone 15 kwa ml na sio 20 walizozoea, na pakiti ilishatupwa. Mpira ule ulitakiwa matone 31.

Sasa hakuwaambia hayo. Alitundika chupa mbili za maji, kila moja na mpira wake, pakiti kazificha, akawaambia kila mtu arekebishe matone 42 kwa saa ya ukutani, dakika nzima sio nusu, afu wakinge kwenye vikombe vya kupimia dakika 10. Kikombe kimoja mls 21, kingine 28. Wakaanza kubishana wenyewe nani kahesabu vibaya, yeye kanyamaza tu (mi ningeshindwa wallahi), mpaka binti mmoja akauliza pakiti ziko wapi.

Hapo ndo akawaonesha plasta. Unaibandika wima kwenye chupa unachora mstari kila mls 125, unaandika saa. Lisaa la kwanza maji yawe kwenye 375, ukikuta yako 330 jua inakimbia, hungoji iishe.

Kwa hiyo we tafuta ukurasa ambao mtu anaweza kuufanya kwa mikono, hayo mengine acha kwanza. Ukichukua huu wa dripu waambie pia mgonjwa akikunja mkono matone yanabadilika, kwa hiyo warudi baada ya robo saa wahesabu tena. Mpira wa matone 60 ndo rahisi, mls za lisaa ni sawasawa na matone ya dakika. Ila dawa za kuchanganya kwenye dripu kama potasiamu usiwape kwenye zoezi hili, hiyo kama kuna pampu inaenda kwa pampu, na wapya wasiiguse bila wewe kusimama pembeni.