Sekunde 30 mbele ya banda: ongea kile kitakachoandikwa juu ya sivii yako

Wadogo zangu mnaojiandaa na maonesho ya ajira kwa mara ya kwanza, leo nataka niongelee kitu kimoja tu, zile sekunde 30 za mwanzo ukifika kwenye banda na yule mtu wa ajira akainua macho kukuangalia. Mi nimesimama pande zote mbili. Nikiwa mwanafunzi nilizunguka mabanda na begi la sivii nikarudi bila simu hata moja, baadae nikiwa kazini ofisi ikanituma mara kadhaa kusimama nyuma ya meza kupokea wanafunzi, na huko nyuma ya meza ndo nilielewa nilikuwa nakosea wapi.

Kinachotokea ukishaondoka ni hiki. Yule uliyeongea nae anachukua kalamu, anaandika maneno mawili matatu juu ya sivii yako, au kwenye daftari lake, au kwenye simu kama majina yanakusanywa kwa kuskani. Basi. Jioni tukirudi na bunda la karatasi hatukumbuki sura ya mtu, umeongea na watu wengi mno siku nzima umesimama, unachokuwa nacho ni hayo maneno matatu. Karatasi iliyoandikwa "uhasibu, anamaliza Juni, alifupisha kufunga mwezi" inaenda kwenye fungu la kupigiwa. Ambayo haijaandikwa kitu inaenda kwenye lile fungu kubwa, na hiyo sio chuki, ni kwamba hakuna wa kukumbuka ilikuwa ya nani.

Kwa hiyo ukiandaa hizo sekunde 30 usijiulize "nijielezeje vizuri", jiulize nataka huyu mtu aandike nini nikigeuka. Ukishapata hayo maneno matatu, maelezo yako yote kazi yake ni kuyafikisha.

Nichukue mfano wa dogo mmoja niliyekaa nae siku chache kabla ya maonesho, anasoma uhasibu, mwaka wa mwisho. Nikamwambia nijifanye niko kwenye banda la kampuni ya ukaguzi wa hesabu, haya njoo. Akaja na hii:

"Habari, naitwa fulani, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uhasibu, ni mtu mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi kwenye presha na pia kwenye timu, ninapenda sana kujifunza vitu vipya, kwa hiyo ningependa kupata nafasi yoyote itakayopatikana kwenye kampuni yenu."

Nikampa kalamu nikamwambia haya andika wewe hayo maneno matatu. Akaandika "uhasibu", akakwama. Mchapakazi huwezi kuandika kwa sababu aliyepita kabla yake kasema hivohivo na anayekuja atasema hivohivo. Na ile "nafasi yoyote" ndo inaumiza zaidi, wewe unaona umeonyesha uko tayari kwa lolote, ila mwenye banda amebaki na kazi ya kufikiria akupeleke idara gani, na hana muda huo, kuna foleni nyuma yako.

Tukakaa tukaongea kuhusu fildi yake. Mwanzoni akasema hakufanya kitu cha maana, alikuwa anasaidia tu. Nikamuuliza ulipofika walikuwa wanahangaika na nini? Hapo akafunguka. Kampuni ilikuwa ya usambazaji, ina matawi 3, kila tawi linatuma risiti kwa mtindo wake, mhasibu anakaa siku 5 kufunga hesabu za mwezi kwa sababu anapanga upya kila kitu kwa mkono. Dogo akatengeneza faili moja la Excel ambalo matawi yote yanajaza kwa mpangilio mmoja, mwezi uliofuata wakafunga kwa siku 2. Sasa hiki ndo kitu, na alikuwa amekifukia chini ya neno "kusaidia". Ikawa hivi:

"Habari za saa hizi, naitwa fulani. Niko mwaka wa mwisho, uhasibu, namaliza mwezi wa sita. Fildi nilikuwa kampuni ya usambazaji yenye matawi matatu, kufunga hesabu za mwezi kulikuwa kunachukua siku tano, nikatengeneza faili moja la kukusanya risiti za matawi yote, ikashuka mpaka siku mbili. Nimeona mnachukua wakaguzi wapya. Anayeanza kwenu anaenda kwa wateja mapema au anakaa ofisini kwanza?"

Hapo kuna maneno kama 60 hivi. Ukiyasema kwa utulivu, jina ukalitamka taratibu na kupumua sehemu mbili tatu, zinaisha sekunde 30 au pungufu kidogo. Wewe jipime kwa simu yako, rekodi usikilize, ikizidi kata maneno na usiongeze spidi, maana ukumbi una kelele, spika zinatangaza, watu wanaongea kila upande, ukikimbia kitu cha kwanza kupotea ni jina lako.

Angalia alichofanya hapo. Lini anamaliza amekisema mapema, watu wengi wanakisahau, na sisi tuliokuwa nyuma ya meza ndo kilikuwa kitu cha kwanza kuuliza kwa sababu nafasi ina tarehe ya kuanza, anayemaliza mwaka huu na anayemaliza mwakani wanaenda mafungu tofauti kabisa. Kazi aliyoifanya ameieleza kwa tatizo, alichofanya, na kilichobadilika, kitu kimoja tu. Usitaje viwili, ukitaja viwili anashika nusu ya kila kimoja. Halafu "nimeona mnachukua wakaguzi wapya" inaonyesha amesoma bango kabla ya kusogea, na hiyo ni dakika moja tu ya kusimama pembeni, soma wanatafuta kina nani, sikiliza aliyeko mbele yako anajibiwa nini, ndo uingie kwenye foleni.

Sasa hilo swali la mwisho. Mi naona ndo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Mwanafunzi anamaliza kujieleza, ananyamaza, anatabasamu, na mwenye banda nae hana la kusema, anajaza ukimya na "sawa, tuachie sivii". Imekwisha hiyo. Ukimaliza na swali unamgeuzia mazungumzo na sekunde 30 zako zinakuwa mlango wa dakika 3. Ila liwe swali ambalo yeye ana jibu lake kichwani. Ukimuuliza mtu wa rasilimali watu mambo ya ndani ya ufundi utamuaibisha bure, na ukimuuliza fundi au mkaguzi kuhusu mishahara na mikataba atakwambia hajui. Mara nyingi kwenye banda wanakaa wote wawili, anayeshughulika na ajira na mmoja anayefanya kazi yenyewe, na kitambulisho cha shingoni huwa kinaonyesha. Wa ajira muulize hatua za usaili na muda wa kuanza, anayefanya kazi muulize miezi ya kwanza ikoje. Usiulize "kampuni yenu inafanya nini", hilo jibu liko kwenye bango nyuma ya kichwa chake.

Kosa lingine nililoliona sana ni kukabidhi sivii kabla ya kufungua mdomo. Ukinipa karatasi macho yangu yanashuka kwenye karatasi, nasoma, wewe unaongea na sikusikii vizuri, na saa hiyohiyo ndo unasema kile kitu chako kizuri. Iweke mkononi. Ongea, uliza, sikia jibu, halafu itoe na weka kidole kwenye ule mstari ulioutaja. Yule dogo tulimpangia mstari wa fildi ukae juu kwenye ukurasa wa kwanza ili kidole kisitafute.

Halafu jiandae kukatishwa. Usiikariri kama shairi, ukikatishwa katikati utarudi mwanzo, na hicho kitu kinasikika vibaya sana. Jua vipande vyako vinne tu, wewe ni nani na unamaliza lini, ulichofanya, kwa nini banda hili, swali. Fanya mazoezi na mtu anayekukatiza makusudi. Dogo alivyofika kwenye banda lenyewe alikatishwa palepale kwenye faili, mama aliyekuwa pale akamuuliza "ulilitengeneza mwenyewe?" Akajibu muundo niliufanya mimi, ila mhasibu ndo aliyeniambia taarifa gani anazihitaji. Jibu zuri lile, kwa sababu lilikuwa la kweli na lilionyesha anajua kazi yake inaishia wapi. Angesema nimefanya yote mwenyewe, swali la pili lingemkuta hana majibu, na watu wa ukaguzi kazi yao ni kuuliza swali la pili. Namba unayotaja nayo uweze kuielezea, siku 5 ulihesabu kuanzia lini, mbili zilihesabiwaje.

Kama hujaenda fildi bado, usiogope ukaanza kujisifia tabia. Chukua mradi wa darasani au kazi uliyoshika kwenye chama cha wanafunzi, njia ni ileile, kulikuwa na shida gani, ukafanya nini, kikabadilika nini. Hata "tulikuwa wanne, mi nilishika kukusanya data za madodoso 120, 14 tulizitupa kwa sababu hazikujazwa vizuri" inatosha, kwa sababu mtu anaona mikono yako ilikuwa wapi.

Na kuna mabanda utaambiwa tu "omba kwenye tovuti". Usichukulie kwamba umefukuzwa, kuna kampuni haziruhusu kupokea karatasi kabisa. Uliza kwenye fomu nichague idara ipi, na naomba nikutaje jina kwamba tumeongea, inaruhusiwa? Hayo majibu mawili yana thamani kuliko kuacha karatasi ambayo hakuna atakayeifungua.

Siku yenyewe usianzie banda unalolitaka kuliko yote. Anza na moja mawili ambayo huna presha nayo, sauti ifunguke, ujue sentensi gani inakukwamisha mdomoni, urekebishe, ndo uende kwenye lile lako kabla mchana haujafika na watu hawajachoka. Na ukitoka kwenye kila banda, kabla hujasogea linalofuata, simama pembeni uandike kwenye simu jina la uliyeongea nae, alichokujibu kwenye swali lako, na kama alisema umtumie kitu. Jioni hiyohiyo mtumie ujumbe wa mistari mitatu ukimkumbusha kwa yale maneno yako, "mimi ndo wa faili la matawi matatu, ulinieleza kuhusu miezi ya kwanza kwa wateja", na sivii umeiambatanisha.